Machozi yabaki, maskara iondoke: kisa cha picha ya sendofu Mtwara

Picha ilipigwa ukumbini Mtwara mjini, kwenye sendofu, msimu ule ambao hela ya korosho imeshaingia mifukoni na kila wikiendi kuna shughuli. Bibi harusi mtarajiwa amesimama mbele ya mjomba wake. Mjomba amevaa kanzu nyeupe na koti, mkono mmoja ameuweka begani kwa binti, anamuaga. Huku kwetu, kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo neno la mjomba siku hiyo lina uzito wake, na binti akilia hapo hakuna anayeshangaa. Huyu alilia kweli. Wanja uliyeyuka, maskara ikateremka mashavuni, poda ikakatika vipande viwili kwa michirizi, na macho yakavimba.

Familia ilitaka picha hiyohiyo ikae ukutani sebuleni kwa mama, kwenye fremu ya inchi 20 kwa 30. Nyingine zilikuwepo nzuri zaidi kwa sura, lakini hiyo ndiyo iliyomnasa mjomba akisema.

Bibi harusi alikuja na mama yake studio kwangu, ninakohariri picha. Yeye alikuwa na ombi moja: "Kaka, niondolee yote. Nionekane kama sijalia." Mama yake akadakia: "Ukiyafuta yote, mwanangu, watu watauliza siku yako ya kuagwa ulinuna nini."

Kazi yote iliyofuata ilisimama juu ya hiyo kauli ya mama. Mtu anayelia haonekani kwa machozi tu. Ncha za ndani za nyusi zimepanda, kidevu kimejikunja na kufanya vijishimo, midomo imebanwa. Hayo hayafutiki, na hata ukiyafuta utakuwa umechora mtu mwingine. Sasa ukiondoa kila dalili ya machozi ukaacha kidevu kilichojikunja na nyusi zilizopanda, anayebaki kwenye picha ni mtu aliyekasirika, au anayeumwa tumbo. Machozi ndiyo yanayoeleza sura hiyo. Kwa hiyo kabla ya kugusa kitu nilitenga mambo mawili: kipi ni kilio, na kipi ni ajali ya vipodozi. Kilio kipunguzwe, kisiondoke. Ajali iondoke.

Faili kwanza

Waliniletea picha ya Watsapu. Ilikuwa na pikseli 1600 upande wake mrefu, na fremu ya upande wa inchi 30 ingepewa pikseli 53 tu kwa kila inchi. Hilo peke yake lilitosha kuikataa, lakini kuna sababu nyingine ambayo kwa kazi ya namna hii ni kubwa zaidi. Picha ya JPEG iliyobanwa sana huhifadhi rangi kwa ukali mdogo kuliko inavyohifadhi mwanga. Kwa macho huoni. Ukianza kuivuta rangi, na kusafisha maskara ni kuvuta rangi, shavu linatoa vibao vya mraba vya kijivu na zambarau ambavyo hakuna brashi itakayoviondoa.

Ushahidi walikuwa nao kwenye simu. Binamu mmoja alishajaribu kuisafisha kwa programu ya urembo ya simuni. Ngozi ikawa laini kama plastiki, na pale palipokuwa na maskara pakabaki doa pana la rangi ya majivu, mfano wa mtu aliyepigwa ngumi siku tatu zilizopita. Bibi harusi alidhani tatizo ni kwamba binamu hakufuta vya kutosha. Alifuta sana. Alichofuta ni weusi, akasahau rangi, na hilo nitalirudia maana ndiyo kiini cha kazi.

Kijana wa kamera alikuwa bado na kadi yake. Tukapata RAW, faili ghafi la kamera, la pikseli 6000 kwa 4000, yaani nukta 200 kwa inchi kwenye fremu ile, na kwa picha ya ukutani inayotazamwa kutoka kwenye kochi hizo zinatosha kabisa. Akaileta kwa fleshi. Nikamwomba pia picha za asubuhi saluni, za binti huyohuyo kabla hajadondosha chozi. Hapo alinitazama kidogo, akidhani nataka kubadilisha kichwa.

Picha za asubuhi ndizo kipimo. Bila hizo unabaki kukisia macho ya mtu usiyemjua, na mkono wa mhariri hupenda kumpeleka kila mtu kwenye macho ya aina moja. Nilipozifungua niliona kwamba huyu dada ana vijifuko vidogo chini ya macho tangu asubuhi. Ni vyake, hata akicheka vipo. Weupe wa macho yake nao si mweupe wa karatasi, una rangi ya maziwa yaliyochanganyika na hudhurungi kidogo kwenye pembe, jambo la kawaida kabisa kwetu watu weusi. Kama ningeanza bila kuziona, vyote viwili ningevihesabu kuwa ni matokeo ya kulia.

RAW niliifungua kwa biti 16 na kusawazisha mwanga kabla ya lolote lingine. Mpambaji aliweka taa za zambarau nyuma ya jukwaa, na shavu la kushoto lilikuwa na utepe mwembamba wa rangi hiyo ukingoni. Kivuli cha zambarau juu ya ngozi ya kahawia kinafanana mno na maskara iliyopakazwa, na usipokitenga mapema utahangaika kusafisha taa. Nilisawazisha kwa kanzu ya mjomba sehemu iliyopigwa na fleshi ya kamera, si sehemu iliyo upande wa taa.

Madoa matatu, si moja

Ukiikuza picha mpaka jicho lijaze skrini, unaona kwamba kile tunachokiita "maskara imeshuka" ni vitu vitatu vilivyolaliana.

Cha kwanza ni wanja. Ni wa mafuta, hauteremki, unasambaa. Ulikuwa umefanya wingu jembamba la kijivu chini ya kope za chini, lenye upana wa kama nusu kucha, bila ukingo. Vinyweleo na mikunjo ya ngozi vinaonekana vizuri chini yake.

Cha pili ni maskara yenyewe. Hiyo imefuata maji. Imechora mstari mmoja mrefu shavu la kulia hadi karibu na pembe ya mdomo, na mwingine mfupi kushoto. Ndani ya mstari kuna vipande vyeusi kabisa, punje za maskara iliyokauka ikabanduka, na hapo ngozi haionekani tena.

Cha tatu watu wengi hawakihesabu: poda iliyokatika. Chozi linapopita juu ya fondesheni linaiosha katikati na kuisukuma pembeni. Kwa hiyo kila mchirizi una mistari mitatu sambamba: katikati ngozi yenyewe, yenye majimaji na inayong'aa, na kila upande kijukuta cha poda kilichokusanyika, chepesi kwa rangi kuliko shavu. Ukisafisha weusi ukaacha vijukuta, mtazamaji haoni maskara lakini bado anaona njia mbili mashavuni na hajui kwa nini.

Kila kimoja kina dawa yake, na ndiyo maana brashi moja ya kufuta kila kitu inaharibu.

Kurudisha wekundu

Nilianza na wingu la wanja na sehemu nyepesi za maskara, pale ambapo ngozi bado ipo chini. Hapo huhitaji kunakili ngozi kutoka kwingine. Ngozi ipo, imefunikwa tu, na kazi ni kuondoa kifuniko.

Paneli ya Info ya Photoshop inasema yote ukiipa nafasi. Weka Eyedropper kwenye 5 by 5 Average ili isome eneo, si pikseli moja, kisha soma shavu safi halafu soma doa lililo karibu nalo. Shavu safi lilisoma nyekundu 150, kijani 100, bluu 75. Doa lilisoma 85, 70, 64. Tazama tofauti: nyekundu imeanguka kwa 65, kijani kwa 30, bluu kwa 11 tu. Ngozi ya kahawia ni ngozi yenye nyekundu nyingi, na kifuniko cheusi huila nyekundu kuliko nyingine kwa sababu ndiyo iliyokuwepo nyingi ya kuliwa.

Sasa fikiria mtu anachukua brashi ya kung'arisha na kupandisha zote kwa kiasi kimoja, tuseme 45. Anapata 130, 115, 109. Mwanga umekaribia, lakini nyekundu, kijani na bluu zimekaribiana mno, na namba tatu zinazokaribiana ni kijivu. Hilo ndilo jivu la binamu. Kwenye ngozi nyeupe kosa hilo hupita bila kelele nyingi. Kwenye ngozi yetu linapiga kelele kutoka upande wa pili wa chumba.

Kwa hiyo leya ya Curves, na ndani yake kila chaneli peke yake: Red inapanda sana, Green inapanda kiasi, Blue inaguswa tu. Nilipanda huku nikitazama namba za doa zikisogelea namba za shavu.

Barakoa ya leya hiyo, ile inayoamua leya ifanye kazi wapi, sikuichora kwa mkono tangu mwanzo. Fungua paneli ya Channels utazame kila moja kwa rangi nyeusi na nyeupe. Kwenye bluu doa karibu halionekani, kwa kuwa ngozi yenyewe ni nyeusi humo. Kwenye nyekundu ngozi inang'aa na doa limesimama wazi na kingo zake zote, hata zile ambazo jicho halikuziona. Shikilia Ctrl ubofye picha ndogo ya chaneli ya Red, geuza uteuzi kwa Ctrl+Shift+I, kisha ongeza leya ya Curves: barakoa inatokea yenyewe ikiwa na umbo la doa. Itabeba pia nywele, nyusi, kope na vivuli, kwa hiyo unaijaza nyeusi sehemu zote usizozitaka na kubakiza chini ya macho na mashavu. Ukingo ukiwa mkali, lainisha kwa pikseli mbili tatu.

Namna ya kujua imekaa: rudi kwenye ukubwa ambao uso wote unaonekana, zima leya, washa leya. Ukiona ngozi imeingia rangi ya machungwa, nyekundu imezidi. Ukiona kijivu, haijafika. Na usitafute usafi wa asilimia mia moja chini ya kope. Asubuhi dada huyu alikuwa amepaka wanja kwenye mstari wa chini, na mstari huo unastahili kubaki na kivuli chake chembamba. Jicho la mwenye wanja likibaki na ngozi safi kabisa chini yake linaonekana limebandikwa.

Palipo na punje nyeusi

Pale maskara ilipokuwa nzito, hakuna ngozi ya kuirudisha. Hapo lazima uazime. Mimi hufungua leya tupu na kuweka Sample kwenye Current & Below, ili kila ninachokifanya kiwe juu ya leya na si ndani ya picha.

Punje zilizo katikati ya shavu ziliondoka kwa Healing Brush bila taabu. Karibu na kope ni hadithi nyingine. Brashi hii huchukua umbile la ngozi kutoka pale ulikoazima, kisha inaoanisha mwanga na rangi na kile kilicho kingoni mwa doa. Ukingo ukigusa kope, inaoanisha na weusi wa kope, na unapata ukungu mchafu unaozidi kila unapojaribu kuufuta. Ukiona ukungu huo usiendelee kusugua. Badilisha kwenda Clone Stamp, weka Mode kwenye Lighten na Opacity kama 30, na upite taratibu. Lighten inagusa pikseli zilizo nyeusi kuliko ulikoazima tu, kwa hiyo ngozi iliyo sawa haibadiliki. Kope zenyewe ni nyeusi, zitaguswa ukizipitia. Usizipitie.

Mahali pa kuazimia pana sheria moja ambayo sijawahi kuona ikivunjwa bila kugundulika: ngozi ya chini ya jicho isitoke shavuni. Chini ya jicho vitundu vya ngozi ni vidogo na mikunjo yake ni myembamba, inafuata mviringo wa jicho. Shavuni vitundu ni vikubwa na havina mwelekeo. Kipande cha shavu kikiwekwa chini ya jicho kinaonekana kiraka hata kama rangi imelingana kwa namba. Kwa mchirizi wa kulia niliazima pembeni yake, umbali uleule kutoka kwenye jicho, na nilipokosa nafasi nilitumia shavu la kushoto kwa kimo hichohicho, baada ya kuligeuza.

Kuna njia ya kutenganisha rangi na umbile katika leya mbili, Frequency Separation, na vijana wengi wa studio siku hizi wanaanza nayo kila picha. Sikuitumia. Kwenye doa lenye kingo kali ile leya ya chini inapolainishwa huvuta weusi nje ya doa, na umbile linabaki na kingo za mstari palepale. Kwa uso uliolia nadhani inaongeza kazi.

Chozi lipi libaki

Hapa ndipo nilipozungumza tena na mama na bintiye, mbele ya skrini. Nilipendekeza mchirizi wa kulia, ule mrefu uliofika mdomoni, uondoke wote. Wa kushoto, mfupi, ulioishia kwenye mfupa wa shavu, ubaki kama maji matupu: bila weusi, bila vijukuta vya poda. Binti alinyamaza kidogo, akauliza kama utaonekana kwa mbali. Nikamwambia kwa mbali utaona mng'ao, kwa karibu utaona chozi. Akakubali.

Kuondoa mng'ao wa upande wa kulia ni kinyume cha maskara. Clone Stamp ileile, lakini Mode ni Darken, nayo inagusa pikseli nyepesi kuliko ulikoazima. Fleshi iliyopiga kwenye maji ilikuwa imeunguza sehemu ya mstari hadi 255 kwa chaneli zote tatu. Hapo hakuna taarifa yoyote hata kwenye RAW, na ukiipunguza mwanga unapata kijivu bapa. Inajazwa ngozi ya kuazima. Vijukuta vya poda vilifuata, kwa Darken hiyohiyo na Opacity ndogo, maana tofauti yao na shavu ni ndogo na ukizidisha unageuza kijukuta kuwa mtaro.

Kushoto niliacha mng'ao jinsi kamera ilivyouona. Mtu anaweza kushawishika kuupamba, kuongeza tone la duara lililoning'inia. Tone hilo litamsaliti: fleshi ilikuwa juu ya kamera, kwa hiyo kila kilicholowa kwenye uso huo kinang'aa upande wa juu, na tone la kuchora karibu kila mara lina mng'ao usiokubaliana na wa jicho. Kazi yangu kushoto ilikuwa kusafisha pembeni tu.

Kitu kingine nilichokiacha bila kukigusa ni ule mstari mwembamba wa maji unaokaa ukingoni mwa kope la chini kabla chozi halijadondoka. Ni pikseli tatu nne. Ukiufuta, jicho linakauka na mchirizi wa shavuni unakuwa hauna chanzo.

Macho kuvimba

Watu wakitaka uvimbe uondoke wanafikiria umbo, na mkono unakimbilia Liquify. Kwenye picha, uvimbe mwingi ni mwanga. Fleshi inatoka juu, inapiga mgongo wa kifuko kilicho chini ya jicho na kuung'arisha, na chini yake inaacha kivuli cha umbo la mwezi mchanga. Jicho la mtazamaji linasoma vile viwili, sehemu nyepesi juu ya nyeusi, na kuamua kwamba pamevimba. Vikikaribiana, uvimbe unashuka bila mstari wowote kusogezwa.

Leya mbili za Curves, moja inapandisha, moja inashusha, zote barakoa zake zimejazwa nyeusi kwa Ctrl+I. Kisha brashi nyeupe laini yenye Flow ya asilimia 3 hadi 5, unajenga polepole. Kivuli cha mwezi mchanga kinapandishwa, mgongo wa kifuko unashushwa kidogo. Ziache kwenye Normal. Ukiziweka Luminosity, ngozi nyeusi iliyopandishwa inabaki na rangi ileile juu ya mwanga zaidi, na inaanza tena kwenda kwenye majivu. Juu ya zote niliweka leya ya Black & White, ya kuwasha na kuzima tu, ili nione mwanga bila kudanganywa na rangi.

Kipimo cha kuacha kilikuwa picha ya asubuhi. Vifuko vyake vya asili vilibaki. Uvimbe uliotokana na kilio nilishusha karibu nusu, zaidi ya hapo uso ulianza kupoteza umri wake.

Kigubiko cha juu cha jicho ndicho kilichokuwa kigumu. Kikivimba, ule mkunjo wake unajificha, na kope zinaonekana zimeelekea chini. Nilirudisha mkunjo kwa kivuli chembamba kwa leya ya kushusha, nikifuata mahali ulipo kwenye picha ya asubuhi, na kuondoa mng'ao wa ngozi iliyonyooshwa. Liquify niliigusa sehemu moja, kigubiko cha kulia, kukipandisha kwa pikseli chache ili jicho lilingane na la kushoto. Ukisogeza zaidi, mboni inakuwa yai na kila anayemfahamu atahisi si yeye.

Wekundu wa macho ulikuwa wa haraka: Hue/Saturation, chagua Reds, Saturation ishuke karibu 30, Lightness ipande kama 5, barakoa kwenye weupe wa jicho tu. Kijinyama cha waridi kwenye kona ya ndani hakiguswi. Kwa wekundu, chaneli ya kutazama ni kijani, kwa sababu damu humeza mwanga wa kijani na mishipa inajitokeza humo wazi. Niliacha mishipa miwili mitatu. Na weupe niliuishia kwenye ile rangi ya maziwa ya asubuhi.

Kope za kubandika zilikuwa zimebanduka ncha ya nje upande wa kulia na zilizobaki zimeshikana vifungu. Nilichora chache upya kwa brashi ya pikseli tatu inayochongoka mwishoni, nyingine nikaziacha zimeshikana. Kope zilizolowa hushikana.

Bega la mjomba

Jambo ambalo hakuna aliyelitaja mpaka picha ilipokuwa karibu kuisha: kwenye kanzu ya mjomba, juu ya bega karibu na ukosi wa koti, kuna doa la kijivu lenye ukubwa wa sarafu. Binti alimkumbatia kabla ya picha hii, na maskara ikahamia huko. Uso ukishasafishwa, doa hilo linabaki bila maelezo, au baya zaidi linaeleza kile ulichokificha. Nguo ni rahisi kuliko ngozi, nyuzi zina mwelekeo mmoja na Clone Stamp ikifuata mwelekeo huo kazi inaisha mara moja. Nilimuuliza mama. Akampigia simu kaka yake papo hapo, shikamoo na habari za nyumbani zikapita, kisha swali. Mjomba akasema doa liondoke, asije mtu akadhani alienda kwenye shughuli na kanzu chafu.

Ukaguzi wa mwisho niliufanya kwa kugeuza picha kushoto kulia, kwa sababu jicho lililozoea uso haligundui tena kwamba upande mmoja umesafishwa kuliko mwingine. Nikaona shavu la kulia lilikuwa limekauka mno kando ya la kushoto lenye unyevu, nikapunguza leya ya kuondoa mng'ao hadi asilimia 70 ili unyevu kidogo urudi. Kisha kipande cha majaribio: ukanda wa inchi 4 kwa 6 wenye macho na shavu, kwa ukubwa uleule wa fremu, umechapwa kwenye karatasi ileile. Karatasi haitoi mwanga kama skrini, na vivuli chini ya macho vilitoka vizito kuliko nilivyoviona. Nikapandisha vivuli vya picha nzima kidogo, si vya macho peke yake, tukachapa.

Picha nyingine za dakika hizohizo zilizoingia kwenye albamu zilikuwa na michirizi ileile. Hizo ni za inchi 5 kwa 7, uso ni mdogo kuliko kidole gumba, na kwa ukubwa huo punje, kope na vijukuta vya poda havionekani kabisa. Zilipata leya moja tu, ile ya Curves yenye nyekundu iliyopandishwa. Isipokuwa moja ambayo binti amefunika uso wote kwa kitenge, na hiyo haikuhitaji kitu.